Teksi ilitushusha geti kuu: namna ya kumfikisha mgonjwa mlango wa dharura usiku

"Daktari, mama yangu ana miaka 68, ana pumu na presha. Mwezi uliopita saa nane usiku alibanwa kifua, tukampakia kwenye teksi kutoka Igoma hadi hospitali moja hapa Mwanza. Dereva akatushusha geti kuu. Mlinzi akauliza tunaenda wadi gani, tukabishana, mwisho tukambeba mama mikononi kwenye korido ndefu mpaka tukaonyeshwa idara ya dharura, kumbe ina mlango wake wa magari upande mwingine. Alipona, lakini alifika hawezi hata kutaja jina lake. Safari nyingine tufanyeje ili gari lifike mlangoni moja kwa moja? Na je, si lazima kwanza tupite mapokezi kufungua faili?"

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalowapeleka watu wengi geti kuu hata pale wanapoujua mlango mwingine. Si lazima. Mgonjwa wa dharura haanzii dirisha la kufungulia faili, na hahitaji barua ya rufaa mkononi ndipo apokelewe. Anaanzia kwa muuguzi wa idara ya dharura, ambaye kazi yake ya kwanza ni kumtazama anavyopumua, anavyoitika na damu inavyozunguka, kisha kumpanga kwa uzito wa hali yake. Faili hufunguliwa na ndugu, wakati mgonjwa yuko tayari kitandani. Ndiyo maana nasema kila mgonjwa wa usiku asindikizwe na watu wawili: mmoja haachani na mgonjwa, wa pili anashika kadi ya bima, kitambulisho na simu, anakwenda dirishani. Mkiwa mmoja tu, baki na mgonjwa, karatasi zitasubiri. Hata aliyejeruhiwa kwa ajali au kupigwa, ambaye watu humpitisha kwanza polisi kuchukua PF3, apelekwe hospitali kwanza kama anavuja damu au hajitambui. Ndugu mwingine aifuate hiyo fomu.

Sasa tuje kwenye geti. Geti kuu la hospitali limewekwa kwa ajili ya mchana: watu wa kliniki, wanaoleta chakula, wanaokuja kutazama wagonjwa. Usiku kliniki zimefungwa, na mlinzi aliyebaki pale amepewa kazi moja kubwa, kuzuia watu wasiingie wodini nje ya saa za kutazama wagonjwa. Anapouliza "mnaenda wadi gani?" anataka kujua kama ninyi ni watazamaji. Mkianza kueleza kwamba mama aliwahi kulazwa wadi fulani, au kwamba mna daktari mnayefahamiana naye, mmeshaingia kwenye kundi la watazamaji akilini mwake, na mabishano yanaanza. Huyo mlinzi si mtu mbaya. Amejibiwa jibu linalomwambia afunge geti.

Dereva naye anafika geti kuu kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndipo anaposhusha abiria kila siku. Ya pili ni ramani ya simu. Ukiandika jina la hospitali, ramani inakupeleka kwenye alama moja tu, ambayo mara nyingi imewekwa katikati ya majengo au kwenye lango linalotazama barabara kubwa. Ramani haijui kwamba kwa mgonjwa wako mlango sahihi uko nyuma ya jengo, kwenye njia nyingine ya kuingilia. Kwa hiyo ukimwambia dereva "twende hospitali" bila kuongeza neno, umemwambia akupeleke geti kuu.

Dawa ya hayo yote ni kwenda kuuona huo mlango mchana, kabla ya kuuhitaji. Siandiki hapa kwamba kwa Bugando uingilie upande huu au kwa Sekou Toure upande ule, kwa sababu mageti hubadilishwa kila ujenzi unapoanza, na maelekezo ya mwaka jana yanaweza kukufikisha kwenye ukuta wa mabati. Chagua siku moja, panda daladala au bodaboda, nenda hospitali mtakayoitumia. Muulize mlinzi maneno haya hasa: "Gari lenye mgonjwa wa dharura saa nane usiku linaingilia geti lipi, na linasimama wapi?" Usiulize tu idara ya dharura iko wapi. Ukiuliza hivyo ataonyesha njia ya miguu, ambayo ndiyo korido ile ile mliyopita na mama.

Ukishaonyeshwa, itembee njia ya gari yenyewe kutoka barabarani mpaka mlangoni. Mlango wa dharura unautambua kwa mambo matatu: una njia ya mteremko isiyo na ngazi ili machela ipite, una paa lililotokeza mbele ili gari lisimame chini yake wakati wa mvua, na taa zake haziwi zimezimwa usiku. Ukiwa umesimama hapo chini ya paa, fungua ramani kwenye simu, bonyeza kidole kwa muda juu ya sehemu ulipo mpaka alama itokee, ihifadhi kwa jina kama "Dharura mama", kisha itume kwenye WhatsApp ya kila mtu mzima wa nyumbani na ya dereva mnayemtegemea. Siku ya shida dereva atafuata alama hiyo badala ya jina la hospitali. Ukiita gari kupitia programu ya simu fanya vivyo hivyo: usichague jina la hospitali linalojitokeza lenyewe, sogeza alama mpaka mlangoni. Mara nyingi utaona bei inabaki ile ile au inaongezeka kidogo tu.

Hapo hapo mchana chukua namba ya simu ya idara hiyo kama imebandikwa, au iombe mapokezi. Kupiga simu mkiwa njiani kunasaidia, maana machela huweza kuwa nje mnapofika. Lakini isipopokelewa msisimame kuijaribu tena na tena.

Kuhusu dereva, mtu wa mtaani kwenu mwenye gari ni bora kuliko gari la kuitwa saa nane usiku, ambalo huenda likakubali safari kisha likaghairi. Kuwa na namba mbili za madereva wa Igoma wanaolala karibu na magari yao, na uwaulize kabisa kama watakubali kuamshwa. Mwenyekiti wa mtaa au balozi huwa anajua nani ana gari na nani hazimi simu. Elewaneni bei kabla ya kuondoka na mmalizane kwa simu baadaye, au mpe pesa mkiwa bado barabarani. Nimetaja pesa kwa makusudi: dakika zinazopotea mlangoni kwa kutafuta chenji, mgonjwa akiwa nusu ndani nusu nje, ni nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Tuitembee safari ya mama kutoka Igoma, mara hii ikienda inavyotakiwa.

Anaamka kabanwa, anakaa kitandani kashika magoti, hawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi katikati. Hiyo ni dalili ya kuondoka sasa, msingoje kupambazuke. Midomo kuwa ya bluu au kijivu, au kuanza kusinzia ovyo, ni mbaya zaidi: kusinzia kwa mtu aliyebanwa kifua kunamaanisha anachoka kupumua, siyo kwamba anatulia. Kama ana pampu ya salbutamol na kile kichupa cha kuvutia, apulizwe mpulizo mmoja mmoja, kila mmoja auvute taratibu, kuanzia 4 hadi 10, na hiyo inaweza kurudiwa baada ya dakika 20 mkiwa njiani. Pampu iende mkononi mwake, isibaki mezani. Ila kwa umri wake na presha aliyonayo, msihukumu kwamba ni pumu tu. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri maji hujaa kwenye mapafu, na mgonjwa hubanwa usiku kwa namna inayofanana sana na pumu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutobaki nyumbani mkipuliza pampu mpaka asubuhi.

Kwenye gari akae wima. Kiti cha mbele, cha upande wa kushoto, kirudishwe nyuma kiasi cha miguu kupata nafasi, mgongo wa kiti ulale kidogo tu. Mtu aliyebanwa kifua mkimlaza kiti cha nyuma mnamzidishia, kwa sababu tumbo linasukuma mapafu juu na maji yaliyo kwenye mapafu yanasambaa. Nadhani kubebwa mikononi akiwa amelala ndiko kulikomchosha mama yako kwenye ile korido, zaidi ya ugonjwa wenyewe. Dirisha lishushwe kama anapenda upepo. Wasindikizaji wawili wakae nyuma, basi. Gari dogo lililojaza watu watano halipandi mlima wa Bugando kwa kasi inayotakiwa, na hao watu wa ziada ndio watakaozuiwa getini na kuleta mabishano.

Mkiwa njiani, Nyakato, Buzuruga, Mabatini, barabara ya Nyerere huwa tupu saa hizo. Dereva awashe hazadi na aende kasi ya kawaida ya barabara tupu. Hazadi haimpi ruhusa ya kukatiza taa nyekundu wala kuovateki kwenye kona. Gari lenu halina king'ora, na lori linalotoka Musoma halijui mna mgonjwa. Wakati huo aliye nyuma atamke mara mbili mara tatu kile atakachomwambia mlinzi, ili ulimi usikwame.

Maneno yenyewe yawe mafupi na yaseme mnachokiona: "Dharura. Mama wa miaka 68, hawezi kupumua. Tunakwenda mlango wa dharura, tunaomba machela." Neno la kwanza liwe "dharura". La pili liwe mgonjwa ana nini, kwa maneno ya macho: hapumui vizuri, haamki, anatoka damu, amepooza upande. "Tunamleta mgonjwa" halitoshi, kwani hata anayekuja na malaria ya siku tatu anasema hivyo. Washeni taa ya ndani ya gari kabla ya kufika getini ili mlinzi amwone mama mwenyewe. Mlinzi akiona mtu anavyohema, maswali hupungua. Honi moja fupi getini inatosha.

Na kama mmekosea mkajikuta tena geti kuu? Hili ndilo ningependa kila nyumba ilijue: msimshushe mgonjwa. Akishatoka kwenye gari, gari linaondoka na ninyi mmebaki na mwili wa kubeba kwa mikono. Abaki amekaa, mlango umefunguliwa, na mwombeni mlinzi awaelekeze njia ya gari kwenda mlango wa dharura. Mara nyingi ni kuzunguka ukuta tu, dakika mbili au tatu kwa gari, wakati kwa kumbeba ni robo saa yenye kusimama kila hatua. Ikiwa hakuna njia ya gari kutoka pale, mmoja wenu akimbie akalete kiti cha magurudumu au machela pamoja na mhudumu, mama akisubiri ndani ya gari. Mtu aliyebanwa kifua kutembea hatua 50 kunammalizia hewa aliyobakiwa nayo, hata kama anasema anaweza.

Chini ya paa, dereva asimame sehemu tambarare, siyo kwenye mteremko, avute handibreki. Machela ina breki kwenye magurudumu. Mwacheni mhudumu aifunge kabla hamjamhamisha mgonjwa. Mlango alio mgonjwa ndio uelekee jengo. Kwa gari zetu zenye usukani kulia, abiria wa mbele yuko kushoto, kwa hiyo dereva aingie akiwa na jengo kushoto kwake kama njia inaruhusu. Isiporuhusu, machela inazunguka gari, si neno. Kosa ninalolitaja kila mara ni milango ya nyuma ya gari zenye kufuli la watoto. Ikiwa imewashwa, mlango haufunguki kwa ndani hata ukivuta mara kumi, na watu huanza kupiga vioo na kupiga kelele. Shusha kioo, toa mkono, fungua kwa nje, au mmoja atoke mbele akufungulie. Muulize dereva kabla hamjaondoka nyumbani.

Mgonjwa akishashuka, gari liondoke hapo mara moja. Dereva akapaki nje aendelee kuwa na simu wazi. Njia ile ni nyembamba, na gari la wagonjwa lililoleta mama mjamzito kutoka wilayani likikuta teksi tupu imeziba, mtoto wa mtu anasubiri.

Ndani, muuguzi atauliza maswali machache na kumpa mgonjwa rangi: nyekundu kwa asiyeweza kungoja, njano kwa anayeweza kungoja kidogo, kijani kwa anayeweza kungoja. Hospitali nyingine huweka na rangi ya chungwa katikati. Jibu kwa ufupi: alianza saa ngapi, ana magonjwa gani, anameza dawa gani, amepewa nini usiku huu. Mfuko wa dawa zake zote, maboksi kwa maboksi, unasema zaidi ya maelezo ya kichwa. Kama shida ni mdomo kwenda upande, mkono kulegea au kushindwa kuongea, swali muhimu kuliko yote ni lini alionekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu wakati huo, na baada tu ya picha ya kichwa. "Tulimkuta hivyo alipoamka" ina maana saa inahesabiwa tangu alipolala. Mwambieni muuguzi hivyo hivyo, msikisie. Mkipewa kijani au njano halafu hali ikabadilika mkiwa kwenye benchi, msisubiri zamu. Rudini kwa muuguzi yule yule mseme kilichobadilika.

Gari la kawaida lina mipaka yake. Asiyejitambua lakini anapumua asikalishwe, alazwe kiti cha nyuma ubavu wake wa kushoto, kichwa nyuma ya abiria wa mbele, uso ukielekea mbele ya gari, ili matapishi yatoke nje yasirudi kooni. Mtu mmoja akae naye akishika taya. Kiti cha mbele kisogezwe mbele kabisa, na mkifika atolewe kwa mlango wa kushoto akianzia mabegani. Bodaboda haifai hata kidogo kwa mtu wa namna hii. Bajaji inaweza kumfaa aliyebanwa kifua kama gari halipo, akikaa wima katikati ya watu wawili. Aliyeanguka kutoka juu au kugongwa, ambaye shingo inamuuma au miguu haina nguvu, asivutwe na kukunjwa kuingia kwenye gari dogo. Ombeni gari la wagonjwa la kituo cha afya kilicho karibu, mkimwacha alivyo isipokuwa pale mahali penyewe ni pa hatari. Na anayezidi kuishiwa pumzi njiani mpaka anapoteza fahamu, ingieni kituo cha afya cha kwanza kinachofanya kazi usiku, hata kama si hospitali mliyoipanga. Hewa ya oksijeni ya Nyakato ya sasa hivi inamfaa kuliko ya mlimani ya baada ya dakika kumi na tano.

Kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni na kichanga cha chini ya siku 28, pigeni 115, ni bure. Ni mfumo wa m-mama, na mara nyingine gari wanalolituma ni la dereva wa jamii ambaye tayari anajua anakompeleka mgonjwa. Kwa mama yako wa miaka 68 namba hiyo haikutengenezwa, kwa hiyo mpango wenu unabaki kuwa gari la mtaani.

Mwisho, mpeleke mama kliniki mchana wiki hii hata kama anajiona mzima. Mtu aliyebanwa kiasi cha kushindwa kutaja jina lake anahitaji kupimwa moyo na mapafu, na dawa zake za pumu na presha zitazamwe upya. Zipo dawa za presha zinazobana mirija ya hewa kwa mwenye pumu. Beba zote kwenye mfuko, daktari azione moja moja. Siku hiyo hiyo mkiwa pale, zungukeni na dereva mpaka kwenye ule mlango.